Skonzi za unga uliolala: kinacholazwa usiku na kinachosubiri alfajiri

*Shikamoo fundi. Nauza skonzi za iliki hapa Tanga, kilo moja ya unga kila siku, na wenye maduka wanazichukua saa 1 asubuhi. Naamka saa 8 usiku kukanda. Zikitoka jikoni ni laini, lakini ikifika saa 10 jioni zimekauka na zina harufu ya hamira. Nimesikia kuna wanaolaza unga usiku. Nilijaribu kulaza donge lote, asubuhi nikakuta limechacha na linanata kama gundi. Nilikosea wapi, na inafanywaje?*

Marahaba, mwanangu. Donge lote halilazwi. Kinacholala ni sehemu ya unga tu, pamoja na maji na hamira kidogo mno, kidogo kuliko unavyoweza kuamini mara ya kwanza. Sukari, maziwa, mayai, siagi na iliki vinasubiri alfajiri. Katika bekari mchanganyiko huo wa usiku huitwa sponji, kwa sababu ukiufunua asubuhi umejaa vitundu kama sifongo.

Tuanze na lile donge lako lililoharibika. Uliweka hamira ya kuumua unga kwa saa moja na nusu, kisha ukaiacha ifanye kazi saa nane katika chumba chenye joto la Tanga. Ilimaliza kazi yake kabla hujapata usingizi mzito. Baada ya hapo asidi na vimeng'enya vya unga wenyewe vikaendelea kuikata gluteni, yaani ile nyuzi inayolishika donge na kuzuia hewa isitoke, na gluteni ikikatika hubaki huo unga wa gundi uliouona. Juu ya hilo, ulilaza mezani maziwa na mayai mabichi usiku kucha. Hata kama donge lingeumuka vizuri, mimi nisingelila. Maji na unga mtupu havina hatari hiyo, ndiyo maana hata wewe ukipenda tui la nazi kwenye skonzi, litie asubuhi.

Sukari nayo ina sababu yake ya kusubiri. Skonzi ina sukari nyingi kuliko mkate wa kawaida, na sukari huvuta maji, hata yale ambayo hamira inayahitaji. Hamira iliyozaliwa ndani ya sukari nyingi hukua kwa shida, na ndiyo maana wapishi wengi huishia kumimina vijiko vitatu vinne kwa kilo ili donge lipande haraka. Hiyo harufu wateja wako wanayoisikia jioni inatoka hapo. Ukiitanguliza hamira kwenye unga na maji matupu, inaongezeka taratibu usiku kucha bila bughudha, na asubuhi inakutana na sukari ikiwa jeshi kamili. Wanga wa unga umeshaanza kugeuka sukari kidogo, chembe za unga zimekunywa maji hadi ndani, na zimezaliwa asidi chache na vileo vidogo vidogo vinavyotoa ile harufu ya mkate wenyewe. Harufu hiyo haipatikani kwa saa moja na nusu, hata ukande kwa nguvu gani.

Sasa vipimo, kwa kilo yako moja. Usiku chukua gramu 400 za unga na mililita 260 za maji ya kawaida, au ya mtungini kama usiku ni wa joto. Unga uwe ule wa mikate. Angalia ubavuni mwa pakiti penye protini: ukikuta gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100, huo utaustahimili usiku. Unga mwepesi wa keki utakuwa umelegea kabla ya alfajiri.

Hamira inayotakiwa ni kama theluthi moja ya gramu, na mizani ya jikoni haiwezi kupima kitu kidogo hivyo. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa sababu "kidogo" ya mkono wa mtu mmoja ni mara tano ya "kidogo" ya mwingine. Pima hivi: koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chengachenga, kikiwa kimesawazishwa, katika kikombe cha mililita 250 za maji. Hiyo ni takriban gramu 3. Koroga tena ili isituame chini, halafu chota vijiko viwili vya chakula vya maji hayo. Hiyo ndiyo hamira yako ya usiku mzima. Yaliyobaki mwaga. Utaona uchungu kumwaga hamira, najua, lakini hasara yake ni ndogo kuliko kilo ya unga iliyochacha. Vile vijiko viwili ni sehemu ya maji 260, usiviongeze juu yake.

Changanya kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, basi. Usikande. Bakuli liwe kubwa, lenye nafasi mara tatu ya mchanganyiko, na ulifunike kwa kawa au sahani, si kwa kitambaa pekee, kwa sababu juu patakauka na utando huo mkavu utakutana nao asubuhi kama vipande vya karatasi ndani ya skonzi. Kabla ya kufunika, toa donge dogo kama yai, litie kwenye glasi nyembamba, lisawazishe, na ufunge mpira wa kufungia fedha mahali lilipofika. Glasi iwekwe kando ya bakuli. Bakuli pana hudanganya macho. Glasi inakuonyesha wazi unga umepanda mara mbili au mara tatu.

Kama maduka yanachukua saa 1 asubuhi, changanya sponji saa 2 usiku baada ya chakula na ulale. Kwa usiku wa nyuzi 26 au 27 itakuwa tayari karibu saa 10 alfajiri. Hizo ni saa nane, lakini saa ni makisio tu. Sponji ndiyo inayosema. Iliyo tayari imepanda mara mbili na nusu hadi tatu, juu imejaa vipovu, na katikati ya mgongo wake pameanza kubonyea kidogo tu, kama mto aliotoka kuulalia mtoto. Ukiipasua kwa kijiko unaona nyuzi na matundu. Inanukia utamu wenye uchachu kwa mbali, mfano wa togwa ya siku ya kwanza. Ikiwa mgongo bado umevimba kama kuba na harufu ni ya unga mbichi, haijafika. Ipe nusu saa zaidi, washa mkaa kwanza. Ikiwa imenywea, imeacha alama ubavuni mwa bakuli pale ilipokuwa, ina majimaji na inakupiga pua kama tembo la jana, imepitiliza.

Alfajiri unaongeza gramu 600 za unga zilizobaki, sukari gramu 150, chumvi gramu 12, hamira vijiko viwili vya chai, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, mayai mawili, maziwa mililita 240 na siagi gramu 100. Usishangae kuona hamira tena. Ile ya usiku imejenga ladha na imeanza safari. Hii ya alfajiri inabeba uzito wa sukari na siagi ili usichelewe. Ukitaka kuipunguza baadaye, punguza hii, polepole, ukitazama saa yako.

Maziwa yawe yamechemshwa usiku na kupoa. Sisemi hivyo kwa usafi tu. Maziwa yasiyochemka yana protini inayolegeza gluteni, na skonzi zake hutanuka pembeni badala ya kupanda juu. Moto unaibadilisha protini hiyo. Wengi wanaolalamikia unga wa siku hizi nimewakuta wakitumia maziwa mabichi moja kwa moja kutoka kwa muuza maziwa.

Katakata sponji ndani ya maziwa na mayai kwanza, uifumue kwa vidole hadi ichanganyike, ndipo utie vitu vikavu. Ukiitupa nzima juu ya unga mkavu utapata mabonge. Kanda dakika kama kumi bila siagi. Donge likianza kuvutika ndipo uingize siagi laini, vipande vipande, ukande dakika tano au sita zaidi. Siagi ikitangulia hulipaka mafuta protini ya unga kabla haijashika maji, na utakanda hadi mkono uume. Utagundua kwamba donge hili linakubali kuvutwa mapema kuliko ulivyozoea, kwa sababu sehemu yake imeshafanyiwa kazi na usiku. Litanata kidogo. Liache linate. Paka mikono mafuta, usinyunyize unga.

Hapo nisimame kidogo, maana ndipo skonzi nyingi za biashara zinapokaukia. Kila kiganja cha unga unachonyunyiza mezani ili donge lisinate ni maji unayoyanyima skonzi ya saa 10 jioni. Sponji inakusaidia kwa kuwa unga uliokunywa maji tangu usiku huyashika vizuri zaidi jikoni, na nyama ya ndani inakaa laini muda mrefu zaidi. Lakini haiwezi kurudisha maji ambayo hukuyatia. Wala haiwezi kuiokoa skonzi iliyokaa kwenye moto hafifu dakika thelathini. Nikiona skonzi imekauka ninauliza kwanza kuhusu unga wa mezani na moto, kisha ndiyo naulizia hamira.

Sasa ratiba yako ya alfajiri. Saa 10 unachanganya, na kufika saa 10 na dakika 25 umemaliza kukanda. Donge linapumzika dakika 35 tu, lipande kama nusu yake. Ule muumuko mrefu wa kwanza, uliokuwa unakuamsha saa 8, umeshafanyika ukiwa umelala. Kufika saa 11 unakata. Kilo hii inatoa skonzi 30 za gramu 60 hivi kila moja. Zizungushe ziwe na ngozi iliyokaza juu, zipange kwenye trei mbili zikiachana upana wa kidole, ili zikiumuka zigusane. Mbavu zinazogusana hazipati ukoko, na hapo ndipo ulaini unapojificha. Funika zisipate upepo. Karibu saa 12 zitakuwa zimevimba. Bonyeza moja kwa kidole: shimo likirudi haraka lote, bado, likirudi taratibu na kubakiza alama ndogo, tia jikoni. Moto wa nyuzi 180 hadi 190, dakika 15 hadi 18. Kwa jiko la mkaa, mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, na uzungushe trei mara moja katikati. Zipake maziwa kabla ya kuingia, na zikitoka zifunike kwa kitambaa safi dakika kumi. Mvuke wake wenyewe utalainisha ngozi ya juu. Usizifungie kwenye mfuko zikiwa na joto, kwa sababu mvuke utageuka maji na kesho yake utakuta ukungu.

Kama oveni yako inaingiza trei moja tu kwa wakati, iweke ya pili mahali penye ubaridi zaidi, sakafuni kwa mfano, ili isipitilize ikingoja zamu. Zote zitakuwa nje kabla ya saa 12 na dakika 45. Umelala saa mbili zaidi ya ulivyokuwa unalala. Sitakudanganya kwamba alfajiri yote imekwisha: kukanda, kuviringa na kuoka bado ni kazi yako.

Sasa siku itakayokwenda vibaya, maana itakuja. Katika bekari niliyojifunzia kazi, mzee wa zamu ya usiku hakuwa akipima hamira ya sponji. Alichota kwa ncha za vidole, na ncha zake zilikuwa na busara ya miaka mingi. Alipougua, kijana mmoja akachota kwa ncha zake za vidole. Tulifika alfajiri sponji imepanda, imemwagika pipani, imenywea, na sakafu yote inanuka pombe. Msimamizi akaamua itumike yote, hasara isionekane. Donge lilipasuka kila tulipolivuta. Tulilitia unga zaidi, likazidi kupasuka, na mikate ikatoka mifupi, ya rangi ya kijivu ndani, yenye uchachu. Jioni hasara ilikuwa mara mbili.

Kwa hiyo ukiikuta imepitiliza kidogo, yaani imenywea lakini haijawa maji, tumia nusu yake tu. Hesabu umeondoa gramu 200 za unga na 130 za maji, uvirudishe katika donge la alfajiri kama unga na maji mapya. Ongeza nusu kijiko cha chai cha hamira, punguza muda wa kukanda, na uliache donge lipumzike robo saa zaidi. Ladha utaipata, na nguvu ya gluteni itatoka kwenye unga mpya. Ikiwa imegeuka uji unaochuruzika, mwaga na ukande kwa njia yako ya zamani siku hiyo. Na usiku unaofuata usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Punguza kijiko kimoja cha yale maji ya hamira, acha mengine yote kama yalivyo, na utazame glasi.

Majira yatakuyumbisha. Februari, usiku ukiwa haupoi, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya hamira kinatosha, na unaweza kuihamishia ndani ya sponji gramu 2 za chumvi kutoka zile 12 za alfajiri. Chumvi huishika hamira mkono. Ndugu yako aliyeko Lushoto, mkoa huo huo, akifuata vipimo vyako mwezi wa Julai ataamka akute unga umelala kweli kweli. Yeye atahitaji vijiko sita vya maji yale, maji ya uvuguvugu, na saa kumi au kumi na mbili.

Ukiwa na jokofu kuna njia nyingine inayokufaa kwa siku usizozijua vizuri, kama ya harusi au safari. Tia nusu kijiko cha chai cha hamira katika zile gramu 400, iache mezani saa moja na nusu hadi mbili mpaka ivimbe nusu, kisha iingize kwenye jokofu. Itakuwa tayari baada ya muda wa saa kumi, na itakungoja hadi siku nzima ya pili. Asubuhi inatoka baridi, basi maziwa yawe ya uvuguvugu, na muumuko wa kwanza uongeze dakika kama 20. Umeme ukikatika usiku, usitegemee saa, fungua uangalie. Mimi kwa biashara ya kila siku naipenda ile ya mezani, kwa sababu haitegemei mtu mwingine.

Na ukipata wateja wa kilo tatu, vipimo vyote vinazidishwa mara tatu, hamira ya usiku ikiwemo, lakini usiuweke unga wote katika beseni moja. Unga mwingi ukiwa pamoja hutunza joto lake mwenyewe na hukomaa kabla ya wakati, na glasi yako ndogo haitakuonya, kwa kuwa yenyewe imepoa kando. Gawa katika mabakuli mawili au matatu.